Kusubiri au Kurudia: Salio Moja Linapoguswa na Wawili

Chama cha akina mama kina shilingi 50,000 kwenye akaunti yake. Saa nne asubuhi mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja: mweka hazina anatoa 30,000 kwa simu yake, na mwanachama mwingine analipa mchango wa 20,000. Kila ombi linafika kwenye seva na kupata programu ya kulishughulikia. Programu ya mchango inasoma salio na kukuta 50,000. Programu ya kutoa fedha nayo inasoma na kukuta 50,000. Ya mchango inajumlisha, inaandika 70,000. Punde si punde ile ya pili inaandika jibu lake: 20,000.

Salio sahihi lilipaswa kuwa 40,000. Mchango wa yule mwanachama umemezwa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu, kwa sababu kila programu ilipiga hesabu yake sawasawa. Kosa liko katika kupishana kwao: mmoja aliandika juu ya kazi ya mwenzake bila kujua kwamba mwenzake amepita hapo.

Kanzidata yoyote inayotumiwa na watu wengi lazima izuie jambo hili. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza huanza na shaka: huenda mtu mwingine akaja, basi nifunge mlango kabla sijaanza. Ya pili huanza na matumaini: huenda asije mtu, basi nifanye kazi yangu, na mwishoni nihakikishe kwamba hakuna aliyenipitia. Ya kwanza humlipisha mtumiaji kwa kumsubirisha. Ya pili humlipisha kwa kumrudisha mwanzo. Swali la ipi ni bora hujibiwa kwa kuangalia ni mara ngapi watu hukutana kwenye kitu kimoja, na kurudia kazi kunamgharimu nani.

Njia ya shaka

Njia ya kwanza hutumia kufuli. Programu inayotaka kubadili salio huiambia kanzidata tangu mwanzo kwamba mstari huu ni wake mpaka amalize. Katika kanzidata kama PostgreSQL na MySQL, amri yake ni hii:

```sql
BEGIN;
SELECT salio FROM akaunti WHERE id = 12 FOR UPDATE;
UPDATE akaunti SET salio = 20000 WHERE id = 12;
COMMIT;
```

Maneno `FOR UPDATE` ndiyo yanayofunga. Programu ya pili ikitoa amri hiyohiyo juu ya akaunti 12, haipewi jibu. Inasimama palepale mpaka ya kwanza ifike kwenye `COMMIT`. Ndipo inaposoma, na safari hii inakuta 20,000. Inajumlisha mchango, inaandika 40,000, na hesabu inakaa sawa.

Msingi wa kinadharia wa njia hii uliandikwa mwaka 1976 na watafiti wanne wa IBM huko San Jose, California: Eswaran, Gray, Lorie na Traiger. Walionyesha kwamba makufuli peke yake hayatoshi. Kuna utaratibu wa kuyashika. Muamala uendelee kukusanya makufuli unayoyahitaji, na ukishaanza kuachia hata moja, usichukue jingine tena. Ukivunja sharti hilo, wawili wanaweza kupishana katikati na matokeo yakaharibika japokuwa kila mstari ulifungwa ulipoguswa. Kwa vitendo, kanzidata nyingi hushikilia makufuli ya kuandika mpaka mwisho wa muamala, na hapo ndipo hatari ya njia hii ilipo. Muda wa kufuli ni muda wa muamala mzima.

Hatari ya pili ni mkwamo. Tuseme muamala mmoja unahamisha fedha kutoka akaunti 12 kwenda 30, na mwingine kutoka 30 kwenda 12. Wa kwanza amefunga 12 na anaingoja 30. Wa pili amefunga 30 na anaingoja 12. Wataketi hivyo mpaka mtu wa tatu aingilie, na mtu huyo ni kanzidata yenyewe. PostgreSQL, isipobadilishwa mpangilio wake, humwacha anayesubiri kwa sekunde 1, kisha huchunguza kama kuna mduara wa kungojana. Ikiuona, huvunja muamala mmoja kwa hitilafu yenye namba `40P01`, na mwenzake huendelea. Dawa ya mkwamo wa aina hii ni kufunga kila mara kwa mpangilio mmoja, kwa mfano akaunti yenye namba ndogo kwanza, iwe fedha zinatoka huko au zinaingia.

Njia ya matumaini

Mwaka 1981, H. T. Kung na John Robinson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha makala iliyouliza swali la msingi: kama migongano ni nadra, kwa nini kila mtu alipe gharama ya kufuli? Walipendekeza muamala ugawanywe katika hatua tatu. Kwanza kusoma na kupiga hesabu pembeni, bila kumzuia mtu. Pili kuhakiki: je, kuna aliyebadili nilichokisoma? Tatu, kama hakuna, kuandika. Kama yupo, kazi yote ya pembeni inatupwa na muamala unaanza upya.

Waandishi wa programu leo hulifanya jambo hili kwa kuongeza safu moja ya namba ya toleo kwenye jedwali. Kila badiliko huongeza namba hiyo kwa moja. Programu husoma salio pamoja na toleo, tuseme toleo la 7, kisha huandika hivi:

```sql
UPDATE akaunti
SET salio = 20000, toleo = toleo + 1
WHERE id = 12 AND toleo = 7;
```

Kama toleo bado ni 7, mstari mmoja unabadilika na kazi imekwisha. Kama mwanachama amekwisha kulipa mchango wake, toleo ni 8, sharti halitimii, na kanzidata inajibu kwamba imebadili mistari 0. Hiyo 0 ndiyo habari yote. Programu isipoitazama, imerudi kulekule: itamwambia mteja kwamba muamala umefanikiwa ilhali hakuna kilichoandikwa. Ni kosa la kawaida kabisa kwenye njia hii, na huonekana pale risiti zinapokuwa nyingi kuliko mabadiliko yaliyomo kwenye jedwali.

Na kurudia lazima kuanzie kwenye kusoma. Programu inayokutana na 0, kisha ikasoma toleo jipya tu na kuandika ileile 20,000 iliyoihesabu mwanzo, imemeza mchango kama zamani. Salio lisomwe upya, hesabu ipigwe upya. Vilevile, chochote kisichoweza kurudishwa, kama ujumbe mfupi wa simu kwa mteja, kitumwe baada ya uhakiki kupita. La sivyo mteja atapokea ujumbe mara tatu kwa malipo ya mara moja.

Tukumbuke pia kwamba kufuli halijaondoka kabisa. Hata amri hii ya `UPDATE` hufunga mstari ndani ya kanzidata. Tofauti ni muda: katika njia ya shaka kufuli hushikwa tangu kusoma, na katika njia ya matumaini hushikwa kwenye hatua ya kuandika tu.

Siku ya kawaida

Sasa tuziweke njia zote mbili kazini. Tuchukue mfumo wa kubuni wenye akaunti 1,000,000, unaopokea miamala 500 kwa sekunde, kila mmoja ukichukua milisekunde 20. Wakati wowote ule, miamala inayoendelea ni kama 10. Katika uhai wake mfupi muamala mmoja utapishana na wengine wapatao 20: wale aliowakuta na wale waliomkuta. Kama kila mmoja anagusa akaunti yake bila mpangilio maalumu, uwezekano wa kumkuta mwenzake kwenye akaunti ileile ni 20 kwa milioni, yaani mmoja katika 50,000.

Katika hali hii njia ya matumaini karibu haishindwi kamwe. Lakini tusiharakishe kuipa ushindi, kwa kuwa njia ya shaka nayo haisubirishi watu. Kufuli ambalo hakuna mwingine anayeligombea hupatikana mara moja, na ndani ya seva moja gharama yake ni ndogo. Kwenye mfumo mdogo wenye kanzidata moja na miamala mifupi, mtu akibadili njia moja kwa nyingine huenda asione tofauti yoyote kwa macho.

Tofauti hujitokeza mambo mawili yanapobadilika. La kwanza ni umbali. Kama kanzidata imetawanywa kwenye mashine za miji mbalimbali, kuomba kufuli ni safari ya mtandao. Muamala unaogusa akaunti 5, ukiomba kufuli moja baada ya jingine kwa safari za milisekunde 100, umetumia nusu sekunde kwa kufunga tu, na muda wote huo mistari aliyotangulia kuifunga imekaa bila kutumika. Njia ya matumaini hukusanya uhakiki wote na kuupeleka mwishoni kwa pamoja.

La pili ni binadamu. Karani anafungua fomu ya taarifa za mteja, anarekebisha anwani, simu inaita, anatoka kwenda kula. Kama fomu ile imeshikilia kufuli, mteja huyo hawezi kuhudumiwa na tawi lolote mpaka karani arudi. Hapa matumaini ndiyo njia pekee yenye akili. Fomu hubeba namba ya toleo, na karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, mfumo humwambia kama kuna mwenzake aliyebadili taarifa hizo katikati. Wikipedia inafanya hivyo: watu wawili wanaweza kufungua makala moja kwa kuhariri, na mabadiliko yao yakigongana, anayehifadhi wa pili huonyeshwa mgongano autatue mwenyewe.

Siku ya harambee

Hali hugeuka pale watu wote wanapokimbilia mahali pamoja. Tuseme redio imetangaza mchango wa matibabu ya mtoto, namba ya kulipia ni moja, na wasikilizaji wanatuma fedha kwa mkupuo. Akaunti ni milioni moja bado, lakini leo ni moja tu inayoguswa.

Miamala 20 inafika kwa pamoja, kila mmoja ukihitaji milisekunde 10 za kazi. Kwa njia ya shaka inapanga foleni. Wa kwanza anamaliza baada ya milisekunde 10, wa mwisho baada ya 200. Jumla ya kazi iliyofanywa ni ya miamala 20.

Kwa njia ya matumaini, wote 20 wanasoma toleo lilelile na kupiga hesabu kwa pamoja. Mmoja anapita, 19 wanarudi mwanzo. Wanasoma tena: mmoja anapita, 18 wanarudi. Ukijumlisha 20, 19, 18 mpaka 1, unapata majaribio 210. Kazi 20 zimefaulu na 190 zimetupwa.

Hapa msomaji makini atauliza swali zuri: je, wa mwisho amechelewa zaidi? Kama mashine ina nguvu ya kuwaendesha wote 20 bila kuwapunguzia kasi, hapana. Kila duru ni milisekunde 10, duru ni 20, na wa mwisho anamaliza kwenye milisekunde 200 vilevile. Kilichotupwa ni nguvu ya mashine, ambayo katika hali hiyo ingekaa bure.

Swali hilo liliwahi kuwagawa wataalamu. Tafiti za mwanzo zilipingana, baadhi zikionyesha kwamba kusubiri ni bora, nyingine kwamba kurudia ni bora. Mwaka 1987 Rakesh Agrawal, Michael Carey na Miron Livny walionyesha kwamba mgogoro ulitokana na dhana zilizofichika ndani ya mifano yao. Aliyejenga mfano wenye mashine zisizo na kikomo aliona matumaini yakishinda, kwa sababu anayerudia hamnyang'anyi mtu nafasi. Aliyejenga mfano wenye vichakato na diski vya kuhesabika aliona kufuli likishinda, kwa sababu kila kazi inayotupwa ilikuwa imekula nafasi ya kazi ambayo ingefaulu. Seva halisi iliyobanwa na kazi ina kikomo. Siku ya harambee, zile kazi 190 za bure zinashindania vichakato na wateja wanaolipa bili ya umeme, ambao hawahusiki hata kidogo na mchango huo.

Matumaini yana udhaifu mwingine wa aina hii: hayamtendei haki aliye mpole. Muamala mrefu, mfano ule wa kukokotoa riba kwa akaunti 10,000 kwa pamoja, husoma kwa muda mrefu, na katika muda huo miamala mifupi huwa imekwisha kubadili akaunti mojawapo. Unafika kwenye uhakiki, unakataliwa. Unarudia, unakataliwa tena. Kung na Robinson waliliona hilo tangu mwanzo, na dawa yao inachekesha kidogo: muamala ukishindwa mara nyingi, uachwe uendelee huku wengine wote wamezuiwa kuandika. Yaani matumaini yakiisha, tunarudi kwenye kufuli.

Kanzidata iliyobadili njia

TiDB ni kanzidata iliyotawanywa, iliyojengwa na kampuni ya PingCAP iliyoanzishwa China, na huzungumza lugha ileile ya MySQL ili programu zilizopo ziweze kuhamia bila kuandikwa upya. Mwanzoni ilifuata njia ya matumaini, kwa sababu ya ule umbali wa mtandao. Tatizo ni kwamba programu zilizohamia zilikuwa zimezoea kufuli. Kwenye MySQL, mgongano humsubirisha mtu katikati ya muamala, na `COMMIT` ikifikiwa aghalabu kila kitu huwa kimekwisha kuwa salama. Kwenye TiDB ya wakati ule, amri zote zilipita vizuri, kisha `COMMIT` ndiyo ilirudisha hitilafu. Programu ambazo hazikuandikwa kurudia zilibaki hazina la kufanya. Kuanzia toleo la 3.0.8, TiDB mpya inayosimikwa hutumia njia ya shaka isipoamriwa vingine, na ile ya matumaini imebaki kwa anayeichagua.

Kwa hiyo hata mahali ambapo umbali unayapa matumaini nguvu, jambo jingine linaweza kupindua uamuzi: nani ameandaliwa kurudia. Kurudia kuna gharama kwenye msimbo wa kila programu, wakati kusubiri hufanywa na kanzidata bila mwandishi wa programu kujua.

Kusoma dalili

Mfumo ulio kwenye njia isiyoufaa hutoa dalili, na dalili hizo hazifanani. Kwenye njia ya shaka, seva huonekana imepumzika huku wateja wakilalamika. Vichakato havina kazi kubwa, lakini miunganisho ya kanzidata imejaa watu waliosimama. Katika PostgreSQL, mwonekano wa `pg_stat_activity` utaonyesha miamala mingi yenye `wait_event_type` ya `Lock`. Ukikuta kwamba aliyeshika kufuli hafanyi chochote cha kanzidata, bali anangoja jibu kutoka mfumo mwingine wa nje, umempata mchawi. Toa ile safari ya nje kwenye muamala, au hamia kwenye namba za toleo.

Kwenye njia ya matumaini, seva huonekana inahangaika. Vichakato vimejaa, lakini kazi zinazokamilika kwa sekunde zinapungua kadiri wateja wanavyoongezeka. Kinachopaswa kuhesabiwa hapo ni uwiano wa majaribio kwa mafanikio. Kama ni majaribio 102 kwa kila mafanikio 100, kaa hapohapo. Kama ni 300 kwa 100, theluthi mbili za nguvu zinaenda jalalani. Uwiano huo uhesabiwe kwa kila akaunti na si kwa mfumo mzima, maana wastani wa akaunti milioni moja utaificha ile moja ya harambee. Wanaorudia nao wasirudie papo hapo; kila mmoja angoje muda mfupi wa kubahatisha, unaokua kila anaposhindwa, wasije wakagongana tena kwa pamoja.

Mara nyingine jibu sahihi ni kuondoa ugomvi wenyewe. Kanzidata inaweza kuambiwa ijumlishe bila programu kusoma salio kwanza, kwa `SET salio = salio + 500`. Hakuna tena cha kurudia, na kufuli likichukuliwa kwenye amri ya mwisho kabla ya `COMMIT`, hushikwa kwa muda mfupi sana. Lakini hata hapo kuna dari. Kama kila muamala unashika mstari kwa milisekunde 10, akaunti moja haiwezi kupokea zaidi ya 100 kwa sekunde. Wakija 300 kwa sekunde, foleni inakua kwa watu 200 kila sekunde, na baada ya dakika moja wamesimama 12,000.

Hapo ndipo mbinu ya zamani ya wahasibu inaposhinda zote mbili. Kila mchango uandikwe kama mstari mpya kwenye daftari:

```sql
INSERT INTO michango (akaunti, kiasi) VALUES (12, 500);
```

Mistari mipya haigombaniwi na mtu, na jumla hupigwa baadaye, kila baada ya sekunde chache. Inawezekana kwa sababu mchango hauulizi salio: ukitangulia au ukifuata, jumla ni ileile. Kutoa fedha ni jambo jingine. Anayetoa lazima ajue kilichomo, na hawezi kukubaliwa kabla jumla haijapigwa. Basi mfumo mmoja unaweza kuhitaji njia zote tatu: daftari kwa michango inayoingia, namba ya toleo kwa fomu ya karani, na kufuli kwa yule mweka hazina anayetoa 30,000. Mwandishi wa programu achague kwa kila kazi, baada ya kuhesabu ni wangapi watakaokutana hapo na ni nini kitakachotupwa wakikutana.